Nani hasa analipa VAT ya sukari? Ubishi wa kaunta moja ya Mbuyuni

"Mama Aika, hii VAT usiilalamikie wewe. Mimi ndiye ninayeilipa."

Mzee Massawe alisema hivyo huku akichana risiti kutoka kwenye mashine ya EFD na kuiweka juu ya kaunta. Mama Aika alikuwa amekuja kuchukua mifuko miwili ya sukari ya TPC kwa ajili ya duka lake la mtaani. Kwa kawaida risiti huikunja na kuitia kwenye pochi bila kuisoma. Siku hiyo aliisoma. Jumla ilikuwa sh 247,800, na mstari wa VAT ulisema sh 37,800.

"Unailipa wewe na hela yangu?" aliuliza. "Mimi hata namba ya VAT sina, Mangi. Mbona umenitoza?"

"Sijakutoza mimi, imekutoza serikali. Na ikifika tarehe 20 ya mwezi ujao, anayepeleka hela TRA ni Massawe. Hujawahi kuniona napanga foleni benki na wewe ukiwa nyuma yangu."

"Basi tukubaliane hulipi. Unapeleka tu. Kupeleka na kulipa ni vitu viwili."

Wawili hawa ni wa kubuni, na bei nilizowapa nimezichagua ili hesabu isitusumbue. Soko la Mbuyuni pale Moshi lipo, kiwango cha kodi ndicho hicho, na ubishi kama huu husikika kwenye kaunta nyingi za jumla. Kila mmoja ana ushahidi mkononi: Massawe ana ritani zake za kila mwezi, Mama Aika ana risiti. Kinachofanya ubishi huu usiishe ni kwamba kuna maswali mawili ndani yake, na wao wanayajibu kwa pamoja kana kwamba ni moja. La kwanza ni nani anapeleka fedha serikalini. La pili ni nani, baada ya yote, anabaki na hela pungufu mfukoni. La kwanza lina jibu kwenye sheria. La pili halimo kwenye sheria yoyote.

Tuanze na la kwanza, maana linamalizika kwa penseli na karatasi.

Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kila mtu anaiita VAT, ilianza nchini Julai 1998 ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo. Ilianza na asilimia 20, na mwaka 2009 ikashushwa hadi asilimia 18, ambayo ndiyo kiwango cha kawaida Tanzania Bara mpaka sasa. Mahindi, maharage na vyakula vingine ambavyo havijasindikwa vimesamehewa. Sukari imepitia kiwandani, kwa hiyo inatozwa.

Sasa tuufuate mfuko mmoja wa kilo 50 kutoka Arusha Chini. (Wageni huchanganyikiwa na jina hilo. Arusha Chini, yaliko mashamba na kiwanda cha TPC, iko kusini ya mji wa Moshi, mkoani Kilimanjaro, na jiji la Arusha liko mbali na hapo.) Tuseme kiwanda kinauza mfuko kwa sh 100,000 kabla ya kodi. Kinaongeza asilimia 18, yaani sh 18,000, na Massawe analipa sh 118,000. Zile 18,000 ni za serikali, na kiwanda kitazipeleka baada ya kutoa VAT ambayo chenyewe kilitozwa kwenye vipuri, vifungashio na mahitaji mengine ya uzalishaji.

Massawe naye anataka faida ya sh 5,000 kwa mfuko, ambayo ndiyo italipa usafiri, vijana wa kupakua na kodi ya pango. Kwa hiyo bei yake kabla ya VAT ni sh 105,000. Anaongeza asilimia 18, ambayo ni sh 18,900, na Mama Aika anatoa sh 123,900. Ikifika wakati wa ritani, Massawe hapeleki sh 18,900 yote. Anasema: nimekusanya 18,900 kwa mteja wangu, nilishatoa 18,000 kwa kiwanda, ninachodaiwa ni tofauti, yaani sh 900. Hiyo 900 ni asilimia 18 ya ile 5,000 aliyoongeza yeye, na ndiyo maana ya ongezeko la thamani: kila mtu anapeleka kodi ya kipande alichoongeza.

Ukijumlisha 18,000 zilizopitia kwa kiwanda na 900 za Massawe, unapata 18,900, kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye risiti ya Mama Aika kwa kila mfuko. Massawe hakutoa hata shilingi moja ya kwake. Kwa hiyo kama swali ni la vitabu, Mama Aika ana haki: mzee anapeleka, halipi.

Lakini Massawe hakukubali, na sababu yake si ya kipuuzi.

"Wewe umenilipa leo, asante. Je, yule wa Kiboriloni aliyechukua mifuko 20 kwa mkopo? Risiti nimeshakata. TRA hawaniulizi kama amelipa, wanaangalia risiti. Tarehe 20 inafika, nalipa VAT ya sukari ambayo hela yake bado iko kwa mtu. Hapo kodi ni ya nani kama si yangu?"

Hapa anasema kweli. VAT inahesabiwa kwa mauzo yaliyofanyika, hata kama fedha haijaingia. Kwa mifuko 20 Massawe amekusanya, kwenye karatasi, sh 378,000, na ingawa sehemu kubwa aliitoa kwa kiwanda siku ya kununua, nayo ilitoka mfukoni mwake mapema. Mdeni akilipa baada ya miezi miwili, Massawe ndiye aliyekaa na mzigo kwa miezi hiyo. Kama mtaji wake umekopwa benki, anaulipia riba. Huo ni mzigo wa kweli, ila ni mzigo wa muda. Haufanyi 18,900 nzima kuwa yake, isipokuwa mdeni akitoroka, na hapo kuna taratibu za kuomba nafuu kwa deni lililokufa ambazo wafanyabiashara wachache wana subira nazo.

Mama Aika naye alikuwa na kosa lake. Alipoambiwa hayo yote alijibu kwa jeuri kidogo: "Ndiyo maana mimi sitaki kusajiliwa. Silipi VAT, nimekadiriwa tu, nalipa makadirio yangu, basi."

Makadirio anayoyasema ni kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo, na hayahusiani na VAT. Kutosajiliwa VAT maana yake ni kwamba haongezi VAT kwenye mauzo yake na hajazi ritani. Haina maana kwamba VAT haimgusi. Ile 18,900 ameshaitoa alipochukua mfuko, na kwa kuwa hana namba ya VAT, hana pa kuidai. Kwake yeye ni gharama ya mzigo kama ilivyo nauli ya bodaboda.

Tuendelee na mfuko wake. Amenunua kwa sh 123,900, ambayo ni sh 2,478 kwa kilo. Anauza kilo sh 2,700. Akimaliza mfuko anapata sh 135,000, na zinazobaki ni sh 11,100 kabla ya karatasi za kufungia na punje zinazomwagika kwenye mizani. Mteja wake hapewi risiti yenye mstari wa VAT, lakini ndani ya kila kilo ya sh 2,700 kuna sh 378 za kodi zilizojificha, yaani 18,900 kugawa kwa 50.

Linganisha na duka la kujihudumia pale mjini, lililosajiliwa, linalouza kilo kwa sh 2,700 hiyohiyo. Mauzo yake ya sh 135,000 yana VAT ya sh 20,593 ndani yake. Linatoa 18,900 lililotozwa na Massawe, linapeleka sh 1,693, na faida yake inabaki sh 9,407. Mama Aika anamzidi mwenye duka lile kwa sh 1,693 kila mfuko, kwa sababu kipande alichoongeza yeye hakitozwi VAT. Hiyo ndiyo faida nzima ya kutosajiliwa, na si kubwa kama inavyosemwa mitaani. Kodi iliyoingia kiwandani na kwa muuzaji wa jumla ameibeba vilevile.

Kiwango cha mauzo kinacholazimisha usajili kilikuwa sh milioni 100 kwa mwaka, na Julai 2023 kikapandishwa hadi sh milioni 200. Inaonekana ni fedha nyingi mpaka uigeuze kuwa sukari: kwa sh 135,000 mfuko mmoja, milioni 200 ni mifuko kama minne kwa siku. Kinachopimwa ni mauzo, na sukari ni bidhaa ya mauzo makubwa na faida nyembamba. Mtu anaweza kuvuka kiwango hicho huku nyumbani kwake bado wanahesabu mboga. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Turudi kwenye swali la pili, lile gumu.

Njia ya kulijibu ni kufikiria bei ingekuwa ngapi kama kodi isingekuwepo. Kama bila VAT Mama Aika angeuza kilo kwa sh 2,322, yaani 2,700 kutoa zile 378, basi mnunuzi anaibeba kodi yote. Kama bila VAT bei ingebaki 2,700, basi mnunuzi habebi chochote, na kodi inatoka kwenye faida ya mtu fulani juu yake. Kati ya hapo kuna kila aina ya mgawanyo. Wachumi wameliangalia jambo hili kwa muda mrefu na jibu lao halitegemei jina la nani limeandikwa kwenye ritani. Linategemea nani ana njia ya kukwepa. Upande wenye pa kukimbilia bei inapobadilika humwachia mzigo upande usio na pa kukimbilia.

Tuanze na msimu wa kawaida, pale maghala yamejaa na mbele ya Massawe kuna maduka mengine ya jumla yanayouza sukari ileile kutoka kiwanda kilekile. Faida yake ni 5,000 kwa mfuko. Hata akiwa na moyo wa kutoa sadaka, hawezi kumeza 18,000 ndani ya 5,000. Asipomhamishia mteja, ataacha sukari na kuuza unga wa ngano. Yeye ana pa kukimbilia: mtaji wake unaweza kwenda kwenye mchele kesho asubuhi. Mnunuzi je? Sukari haina mbadala wa bei yake. Asali ni ghali zaidi, na chai ya Moshi haijazoea chumvi. Kwa hiyo katika msimu wa kawaida karibu 378 zote zinamfikia mnywaji wa chai, na Mama Aika yuko sawa anaposema Massawe anapeleka tu: wanaolipa ni wateja wake.

Namna zinavyomfikia ndiyo inayostahili kuangaliwa vizuri. Wateja wengi wa Mama Aika hawanunui kilo. Wananunua "ya mia tano". Bei ya pakiti haibadiliki kamwe, mia tano ni mia tano. Kinachobadilika ni uzito. Kwa sh 2,700 kwa kilo, mia tano inatoa gramu 185. Kwa sh 2,322 ingetoa gramu 215. Tofauti ni gramu 30, kama vijiko saba vidogo vilivyosawazishwa. Mtoto anayetumwa dukani hataona kodi popote, na mama yake hataiona kwenye fedha aliyotoa. Ataiona Ijumaa, sukari ikiisha siku moja kabla.

Kati ya wateja wa Mama Aika kuna mama lishe anayeuza chai na maandazi karibu na stendi. Huyu amebanwa pabaya. Kikombe chake cha chai anauza sh 300, na hawezi kukiuza 312. Bei ya kikombe inaruka kwa mia au kwa hamsini, na akiruka peke yake wateja wanahamia benchi la jirani. Basi kodi inapoongezeka, au bei ya sukari inapopanda kwa sababu yoyote, anaimeza mwenyewe kwa wiki kadhaa, au anapunguza nusu kijiko kwenye kila kikombe, mpaka siku atakayokutana na wenzake wote wapandishe kwa pamoja. Kwa muda huo, mlipaji wa kodi ya sukari katika mji mzima ni yeye zaidi ya mtu mwingine, na jina lake halimo kwenye mfumo wowote wa TRA kama mlipa VAT.

Massawe alisikiliza hayo ya msimu wa kawaida akatikisa kichwa. "Sawa. Lakini umesahau mwaka 2024."

Hajasahau mtu. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilijaza maji mashamba ya miwa na kukwamisha uzalishaji viwandani, na mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika nchi nzima. Bei ilivuka sh 4,000 kwa kilo sehemu nyingi. Serikali ikatangaza bei elekezi, ambazo wanunuzi wengi walizisikia redioni kuliko walivyozikuta dukani. Kuagiza sukari nje hakukuwa jambo la mtu kuamka na kuagiza: sukari huingia kwa vibali, na ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa sukari umewekwa juu makusudi ili kulinda viwanda vya ndani. Baadaye mwaka huohuo Bunge lilibadilisha sheria ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nao waweze kuagiza na kuhifadhi sukari.

Sasa jiulize nani alilipa VAT kwenye kilo ya sh 4,000. Tuchukue duka lililosajiliwa. Ndani ya 4,000 kuna VAT ya sh 610. Mteja aliyetoa 4,000 atasema amelipa 610 za kodi, na kwa risiti yake ni kweli. Lakini fanya lile jaribio. Tuseme asubuhi moja ya Februari ile VAT ya sukari ingefutwa. Je, mifuko iliyopo Moshi ingeongezeka? Hapana, mashamba bado yana maji na vibali ni vilevile. Je, watu wangepunguza kuitafuta? Hapana. Bei ya 4,000 haikutokana na kujumlisha gharama na kodi. Ilitokana na watu wengi kugombania mifuko michache, na ingebaki 4,000 au karibu yake. Zile 610 zisingerudi kwa mnunuzi. Zingebaki kwa yeyote aliyekuwa na mzigo ghalani.

Kwa maneno mengine, katika mwezi kama ule kodi ilikuwa inakatwa kwenye faida ya uhaba. Massawe, kama alikuwa na mifuko, ndiye aliyeibeba, na kauli yake ya "mimi ndiye ninayelipa" ni sahihi kiuchumi. Hakuna atakayemhurumia, maana hata baada ya kuibeba alibaki na faida ambayo msimu wa kawaida haumpi. Mnunuzi naye aliumia sana, ila aliumizwa na uhaba. Kodi haikuongeza kitu kwenye maumivu yake.

Hili ndilo ambalo sisikii likisemwa kwenye mijadala ya kodi, na kwangu ndilo kiini: mlipaji wa VAT ya sukari habaki yuleyule mwaka mzima. Sheria ni ileile, asilimia ni ileile, mashine ya EFD ni ileile, na mzigo unahama kutoka kwa mnywaji wa chai kwenda kwa mwenye ghala na kurudi tena, kulingana na kama sukari inaweza kuongezeka sokoni au la.

Mtu wa kawaida anaweza kujua tuko katika hali gani bila kusoma uchumi. Angalia bei ya kiwandani na bei ya dukani. Kiwanda kikiongeza sh 1,000 kwa mfuko na ndani ya wiki kilo mtaani ikapanda kwa sh 20 hivi, basi bei inafuata gharama, na kodi iliyomo mnunuzi anaibeba begani. Lakini kama bei ya kiwandani iko palepale na ya dukani imepanda kwa sh 800, bei imeshaachana na gharama. Hapo kati kuna mtu ana faida ya ziada, na kodi inatoka kwake. Massawe anaijua tofauti hii vizuri kuliko mimi, kwa sababu katika hali ya kwanza anampigia simu mteja, na katika ya pili mteja ndiye anayempigia.

Kuna hali ya tatu, nayo inawahusu watu wa mpakani. Tuseme kuna sukari iliyopita njia za panya bila ushuru wala VAT, au iliyouzwa bila risiti. Muuzaji wake anaweza kuteremsha bei chini ya Massawe kwa sh 5,000 kwa mfuko na bado akapata zaidi yake. Massawe akitaka kubaki na wateja lazima ashuke naye, na sasa kodi inamla yeye hata kama ghala limejaa na mvua ni nzuri. Mnunuzi wake amepata pa kukimbilia. Hasira za wafanyabiashara waliosajiliwa dhidi ya wasiotoa risiti zina msingi wake hapo: asiyetoa risiti anawaondolea uwezo wa kuihamisha kodi.

Mama Aika alikuwa ameshaita kijana wa mkokoteni, lakini aligeuka na swali moja. "Kwa hiyo serikali ikifuta VAT kwenye sukari, mimi nitanunua kwa bei gani?"

Nchi hii ilishafanya jaribio la namna hiyo, kwenye taulo za kike. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 taulo hizo zilisamehewa VAT ili wasichana wazipate kwa bei nafuu. Mwaka uliofuata, Waziri wa Fedha wakati huo, Dkt. Philip Mpango, aliurudisha utozaji akieleza kuwa bei hazikushuka na walengwa hawakunufaika. Wengi waliishia kuwalaumu wafanyabiashara kwa tamaa. Tamaa huenda ilikuwepo, lakini kuna sababu nyingine ya kiufundi ambayo ingeikuta sukari vilevile.

Kuna njia mbili za kuondoa VAT kwenye bidhaa. Ya kwanza ni kusamehe. Ya pili ni kutoza kwa kiwango cha sifuri. Kwa mteja zinafanana, kwa mzalishaji zinatofautiana sana. Kiwanda kinachouza bidhaa ya kiwango cha sifuri kinahesabiwa kuwa kinatoza VAT, ila ni asilimia 0, kwa hiyo kinadai kurudishiwa VAT yote kilichotozwa kwenye mahitaji yake. Kiwanda kinachouza bidhaa iliyosamehewa hakina haki hiyo. VAT ya vipuri na vifungashio inageuka gharama na kuingia kwenye bei.

Turudi kwenye mfuko wetu. Tuseme, kwa mfano tu, katika kila mfuko kiwanda hutumia vitu vyenye VAT ya sh 5,000. Leo kiwanda hukata hiyo 5,000 kwenye zile 18,000 kinazodaiwa. Sukari ikisamehewa, 18,000 zinaondoka lakini 5,000 hizo zinabaki bila pa kudaiwa. Ili kiwanda kisipungukiwe, bei ya mfuko ingekuwa sh 105,000 badala ya 100,000. Massawe, kwa faida yake ya 5,000, angeuza 110,000. Mama Aika angeokoa sh 13,900, hata kama alikuwa anatarajia 18,900. Na hiyo ni endapo tuko msimu wa kawaida na kila mmoja katika mnyororo ameshusha kila alichopaswa kushusha.

Massawe alikuwa mkweli kwenye hilo. "Nitashusha," alisema, "mzigo mpya ukifika. Huu uliopo ghalani nimeununua kwa bei ya kodi. Siwezi kuushusha nikala hasara."

Anachosema kinaeleweka, na ndicho kingesemwa na kila duka la mtaa ule. Shida ni kwamba kinasemwa kwa upande mmoja tu. Nchini Finland VAT ya vinyozi na saluni ilishushwa mwaka 2007 na kurudishwa juu mwaka 2012, na watafiti waliofuatilia bei walikuta ilipopanda bei zilisogea kama mara mbili ya zilivyosogea iliposhuka. Mama Aika hakuhitaji Finland.

"Na VAT ikipanda?" aliuliza. "Huo mzigo wa zamani nao utaniuzia kwa bei ya zamani mpaka uishe?"

Massawe alicheka, akasema sukari ikipanda hawezi kuuza kwa bei ambayo haitamrudishia mfuko mwingine. Hiyo nayo ni hesabu halali ya mwenye duka. Mama Aika aliomba apunguziwe elfu moja kwa kila mfuko, na mzee akakubali, akarekebisha hesabu ya risiti. Katika kila elfu moja aliyopunguza, sh 847 zilitoka kwake na sh 153 zilitoka kwenye VAT ambayo angeipeleka TRA.